Spea ya Zamani Unarudishiwa Mkononi

Tangazo langu la kwanza niliandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Karatasi nyeupe kubwa ilikuwepo dukani, lakini muuzaji alikataa kupunguza bei nami nikakataa kununua, tukashikana hivyo siku mbili, kila mmoja akimngoja mwenzake achoke. Siku ya tatu nilipita penye nyumba iliyokuwa inajengwa, nikaomba mfuko mtupu, nikaupasua, nikaukung'uta vumbi, nikapata karatasi tatu ngumu zisizochanika kwa upepo. Mpaka leo sijui yule muuzaji ananingoja au la.

Nilikuwa fundi wa vyerehani kwa miaka tisa katika duka moja hapo Kilosa, duka lililouza vyerehani na baiskeli na kutengeneza vilivyoharibika. Kazi yangu ilikuwa chumba cha nyuma, na kati ya chumba hicho na duka palikuwa na pazia. Mteja alileta cherehani yake mbele. Tajiri wangu alimpokea, akamsikiliza, akatikisa kichwa kama daktari, akataja bei, wakabishana, wakakubaliana. Ndipo cherehani ikavuka pazia kuja kwangu. Ikirudi inashona. Kwa hiyo watu wa Kilosa waliamini kwamba tajiri ndiye bingwa, na kwamba huko nyuma kuna kijana wa kufagia. Miaka tisa nilishika karibu kila cherehani ya mji ule na za mashamba ya Mvumi na Ruaha, na wenyewe wakinikuta sokoni waliniuliza kama najua mahali pa kupata kazi.

Nina tabia moja ambayo mke wangu huiita ugonjwa: nahesabu kila kitu mara mbili. Kabla ya kufungua cherehani nahesabu skrubu zote, na nikishaifunga nazihesabu tena. Pengine ndiyo maana nilianza kuweka alama. Pembeni mwa cherehani, upande wa sindano, kuna kibamba cha chuma kinachofunika vyuma vinavyopanda na kushuka. Mshonaji hana haja ya kukifungua. Mimi nilikifungua, na kwa ndani nikachora mistari miwili kwa ncha ya bisibisi. Hakuna aliyejua. Ilikuwa ni njia yangu ya kuvuka pazia.

Nikisema ni siasa iliyonitoa dukani nitakuwa najipamba. Ni kweli Azimio lilikuwa limetangazwa, redio kila jioni ilihubiri kujitegemea, na tulikuwa tunaitana ndugu hata tukidaiana. Lakini mimi nilitolewa na kopo.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, juu ya rafu, nyuma ya benchi langu. Spea iliyotolewa kwenye cherehani ya mteja haikurudishwa kwa mteja. Iliingia kwenye kopo. Chini ya kila cherehani kuna chuma kilichopinda chenye ncha kama ukucha, kinachozunguka na kuudaka uzi wa sindano; ncha ikibutuka, uzi haudakwi na mshono unaruka. Dawa yake ni kuweka kipya. Lakini vipya vikiwa vimeadimika, tajiri alisogeza pazia akasema, "Angalia kwenye kopo." Nikaangalia. Nikachukua cha zamani, nikakinoa kwa tupa mpaka kikawaka, nikakifunga. Mbele mteja alilipia kipya. Kopo halikuwa likitumika kila siku. Lakini lilitumika, na mkono ulioshika tupa ulikuwa wangu.

Sababu hiyo sikuiandika kwenye tangazo. Haya ndiyo niliyoandika:

"TANGAZO. Mimi fundi wa vyerehani niliyekuwa nyuma ya pazia la duka, nimeacha kazi kwa hiari yangu. Sikufukuzwa, sikuiba. Sasa natengeneza nyumbani kwangu nyuma ya soko, mlango wa buluu. Kusafisha, kutia mafuta na kurekebisha mshono: shilingi nne. Bei haipungui wala haipandi. Spea hainunuliwi kabla hujaonyeshwa ubovu. Spea ya zamani unarudishiwa mkononi. Nikishindwa, hulipi. Cherehani niliyotengeneza mimi dukani ikasumbua, nitairudia bure: alama yangu ipo, naijua. Mashine za kufumia sweta sizijui. Usilete."

Mke wangu alisoma akiwa amesimama, mwiko mkononi.

"Umeandika 'sikuiba'. Nani amekuuliza?"

"Watauliza."

"Walikuwa hawajawaza. Sasa watawaza." Akaendelea kusoma, akafika kwenye sweta, akacheka. "Haya, baba watoto. Angalau mahali pamoja umesema hujui."

Nilimpelekea balozi wetu wa nyumba kumi, maana bila yeye kuona, karatasi isingekaa ukutani hata saa moja. Alikuwa mtu mzima, mkulima wa mahindi, mwepesi wa kutania na mgumu wa kuelewa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hiki ni nini, ndugu? Umekuwa bepari?"

"Nimekuwa fundi, mzee. Leseni hii hapa, ya ofisi ya wilaya."

"Utaajiri vibarua?"

"Sina hata mmoja."

"Kwa hiyo hutamnyonya mtu."

"Hapana, mzee."

"Utajinyonya mwenyewe," akasema, akanirudishia karatasi. "Hiyo ruksa."

Bwana soko alinipa nafasi ukutani chini ya tangazo la chanjo ya ng'ombe. Niliibandika kwa uji mzito wa ngano. Nakala ya pili nilimpa gadi wa treni ya Mikumi, tuliyezoeana, akaibandike kwenye ukuta wa soko la huko.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kumuaga tajiri wangu rasmi. Hakukasirika. Alikuwa mfanyabiashara, hasira aliiona kama bidhaa isiyotoka. Alikuwa ameshatuma mtu akamnakilie tangazo langu kwenye kipande cha karatasi, na kidole chake kilikuwa juu ya mstari wa spea ya zamani.

"Huu mstari," akasema, "umeniandikia mimi."

"Nimewaandikia wateja, tajiri."

"Benchi lako halitakaliwa na mtu mpaka mwisho wa mwezi. Ukichoka na uhuru wako, rudi. Mshahara ule ule, hatutaongea mengi."

Lilikuwa jambo zuri kuniambia, na lilikuwa jambo baya kuniambia. Tangu saa ile nilikuwa na siku ishirini na sita, nikazihesabu tena, ishirini na sita. Nyumba tulikuwa tumepanga, watoto walikuwa wawili na wa tatu yuko njiani. Kufikia mwisho wa mwezi ama nina wateja wa kutuweka mjini, ama naingia tena nyuma ya pazia, kopo likiwa pale pale juu ya kichwa changu.

Tangazo lilisomwa. Hilo siwezi kulalamika. Asiyejua kusoma alisomewa, na wale wa madarasa ya jioni ya watu wazima walilifanya zoezi, nilimkuta mama mmoja akilipitia kwa kidole silabi kwa silabi, amefika "ha-i-pu-ngu-i", akageuka kuniuliza, "Haipungui hata kidogo?" Hapo ndipo nilipogundua kosa langu, na lilikuwa kosa la mtu aliyepaswa kujua zaidi, maana nimelelewa sokoni.

Kwetu bei ni salamu. Unataja nane, mwenzako anataja mbili, mnaulizana habari za nyumbani mkiwa njiani, mnakutana kwenye nne na kila mmoja anaondoka akiamini amempiga mwenzake. Mimi nilianza na nne na kubaki na nne. Niliona ni uungwana. Wao waliona mtu amewafungia mlango usoni.

Mshonaji mmoja wa suruali, mwenye penseli sikioni na kibaraza chake mkabala na duka la chumvi, alikuja mpaka kwangu kunieleza jambo hilo.

"Nne," akasema.

"Nne."

"Basi sema sita, nami nitakuteremsha."

"Nikisema sita halafu ukasahau kuniteremsha?"

"Nani husahau? Lakini hivi ulivyoandika, sasa sisi tutaongea nini?"

Akaondoka na cherehani yake kichwani, na kesho yake akarudi nayo, safari hii akiwa na uso wa mtu aliyekumbuka jambo.

"Hii ulitengeneza wewe dukani. Inasumbua. Nairudisha, bure, kama ulivyoandika. Alama yako hii hapa."

Akanionyesha. Kwenye mguu wa chuma, palipokuwa wazi kwa kila mpita njia, palikuwa na mikwaruzo mitatu mipya, ya msumari, chuma kikimeremeta kama jino.

"Mikwaruzo mitatu," nikasema.

"Mitatu. Kwa uhakika."

Nilimfungulia kibamba cha pembeni, nikamwonyesha upande wa ndani. Palikuwa patupu. Akakiangalia kile kibamba, akaangalia mikwaruzo yake, akachukua cherehani yake. "Hata hivyo," akasema akiwa mlangoni, "ungeandika iko wapi tusingesumbuka."

Hakuwa peke yake. Kwa siku kumi na mbili za kwanza nilipokea vyerehani kumi na moja. Vinane vilidai kuwa vyangu. Vingine vilichorwa kwenye meza ya mbao, kimoja kwa chaki. Vilivyokuwa na mistari yangu kweli vilikuwa viwili, nikavirudia bure kama nilivyoahidi. Vyote viwili vilikuwa vimejaa pamba na vumbi tu, kosa si langu. Waliolipa shilingi nne walikuwa watatu. Nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Mke wangu alianza kuuliza kila asubuhi, kwa sauti ya kuulizia hali ya hewa, leo ni tarehe ngapi.

Ndipo gadi wa treni akaniletea kikaratasi kutoka Mikumi. Kilikuwa cha mwenyekiti wa kikundi cha akina mama washonaji. Walikuwa na vyerehani sita, na oda ya sare za shule: kaptula za kaki na sketi za buluu. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na vyerehani, aliandika, "vimegoma kama vibarua". Kama maneno ya ukutani ni ya kweli, nije. Na kama kazi ikiwaridhisha, watahitaji mtu wa kuja kila mwezi kuviangalia vyote sita, kwa bei ile ile ya ukutani.

Sita mara nne. Sikuhitaji kurudia hesabu, lakini nilirudia kwa raha yake. Ilitosha kodi ya nyumba, na kilichopatikana Kilosa kingekuwa chakula.

Nilipanda treni na sanduku langu la vyuma magotini. Akina mama walikuwa wanashonea kwenye chumba cha jengo la chama, madirisha mawili, vitambaa vya kaki vimepangwa sakafuni mpaka mlangoni. Walikuwa saba. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, mnene, miwani imefungwa uzi mweusi nyuma ya kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa 'haipungui'?"

"Ndiye mimi."

"Na haipandi?"

"Wala haipandi."

"Kaa. Tutaona kama na wewe hupungui."

Wakacheka wote saba. Nilianza kazi.

Vyerehani vitano vilikuwa vizito. Ukizungusha gurudumu linakuja kwa shida, kama kusukuma mlango wenye mtu nyuma yake. Nilivigeuza, nikanusa, nikajua. Nilimuuliza mmoja wao mafuta wanayotia.

"Ya nazi," akasema. "Safi kabisa, yale ya kujipaka. Yale ya cherehani hayapatikani."

"Tena tunatia mengi," mwenzake akaongeza. "Hatuna ubahili."

Mafuta ya nazi humfaa binadamu. Ndani ya cherehani hukauka yakawa kama gundi, yakashikana na vumbi la kitambaa, na kadiri unavyoongeza ndivyo unavyozidi kuigandisha. Tajiri wangu angetikisa kichwa hapo na kutaja spea mbili tatu. Mimi niliwaambia hakuna chuma kilichoharibika. Niliomba mafuta ya taa, nikayatia kwenye kila tundu la mafuta na kila kiungo, nikazungusha gurudumu huku na huku mpaka uchafu wa kahawia ukaanza kutoka, nikafuta, nikatia tena, nikafuta, mpaka yakatoka meupe. Ndipo nikatia mafuta membamba ya cherehani, tone tone, kutoka kwenye kikopo changu. Niliwaonya wasishone sare mpaka wapitishe kitambaa kibovu kwanza, kinywe mafuta yaliyozidi. Kufikia adhuhuri vyote vitano vilikuwa vinazunguka kwa kidole kimoja, na akina mama walikuwa wameanza kuniletea chai bila kuombwa.

"Huyu wa sita," mwenyekiti akasema, "ni wangu. Nilimnunua Kilosa kwa mshonaji aliyehama. Yeye si mzito. Kwenye kanga anashona vizuri, kwenye kaki anaruka. Nimebadili sindano, nimebadili uzi, karibu nibadili na miwani."

Nilipoisikia ile habari ya kanga na kaki, niliweka chai chini. Kile chuma chenye ncha kikinolewa kwa tupa kinakuwa kifupi kidogo. Kikiwa kifupi kinachelewa kufika kwenye uzi. Kitambaa chepesi kinasamehe kuchelewa huko. Kaki haisamehi, hasa pale pindo mbili zinapokutana.

Nilifungua kibamba cha pembeni. Mistari miwili.

Nilifungua chini. Kile chuma kilikuwa kinaonyesha mikwaruzo ya tupa, myembamba, yote ikielekea upande mmoja, kama nilivyozoea kunoa. Mtu haisahau kazi ya mkono wake.

Nimeshasema kwamba nahesabu mara mbili, kwa hiyo nitasema kweli: pale nilihesabu. Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu lakini miwani yake ilikuwa juu ya paji. Ningeweza kusema chuma kimechakaa, lete kipya, hii hapa ya zamani kama ilivyoandikwa. Ingekuwa kweli yote. Angelipia spea, ningepata vyerehani sita kila mwezi, na hakuna mtu Mikumi ambaye angejua tupa inaacha mistari ya namna gani. Upande wa pili wa hesabu ulikuwa na kitu kimoja tu: nilikuwa nimetoka dukani kwa ajili ya kopo, na hapa nilikuwa nakaribia kulibeba kopo hilo mpaka Mikumi.

"Mama," nikasema, "hii ni kazi yangu."

"Najua ni kazi yako, si ndiyo tumekuitia?"

"Hapana. Ni mimi niliyeiharibu. Alama yangu hii hapa. Aliyekuuzia alilipia chuma kipya. Nilimwekea cha zamani, nikakinoa."

Vyerehani vyote vilisimama.

Mwenyekiti akashusha miwani. "Ulikosea?"

"Sikukosea. Nilijua."

"Uliagizwa?"

Hilo swali lilikuwa mlango, nao ulikuwa wazi. "Mkono ulikuwa wangu," nikasema.

Aliinuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na tangazo langu. Walikuwa wamelibandua ukutani na kuliweka kama mkataba. Akalisoma kwa sauti mpaka akafika alipopataka. "'Cherehani niliyotengeneza mimi dukani ikasumbua, nitairudia bure.' Ikasumbua. Kama mtoto. Kama yenyewe ndiyo yenye tabia mbaya."

Mmoja wa wenzake akasema, "Mfukuze huyo, dada. Mwizi wa jana ni mwizi wa kesho."

"Nimfukuze nani aje? Mwizi wa jana amevilainisha vitano leo, bila spea hata moja." Akanigeukia. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nilikuwa nauza pombe kabla ya kushona, najua kupima. Utaniletea chuma kipya, kwa pesa yako. Hilo la kwanza, na hilo hata usingesema ningelidai. La pili, vyerehani sita ni vyako kila mwezi, lakini kwa sharti. Hapa," akagonga karatasi, "ongeza uliyoniambia mimi. Uandike na Kilosa, ukutani, siyo hapa kwetu tu. Gadi ataniambia kama umeandika."

"Nikiandika hivyo Kilosa, nani ataniletea cherehani?"

"Sijui. Umesema bei yako haipungui. Na yangu haipungui."

"Niandike tu kwamba nilikosea, nitajirekebisha?"

"Ulikosea?"

"Hapana."

"Basi?"

Nimebishana na wauza nyanya, na makarani, na baba mkwe juu ya mahari. Sikuwahi kushindwa kwa maneno machache kama yale. Nililipwa shilingi ishirini kwa vile vitano, nikashika treni.

Njia nzima nilitafuta sentensi iliyo nafuu. "Kutokana na upungufu wa spea..." Nzuri, ya kiofisi, haina mtu ndani. "Pengine baadhi ya vyerehani..." Niliitupa dirishani. Zilibaki siku tisa mwezi kuisha. Nikiandika, benchi la dukani limekufa, maana hakuna tajiri atakayemrudisha fundi aliyebandika jambo lile sokoni, hata bila kutaja duka. Nisipoandika, vyerehani sita vya Mikumi havipo. Kila nilivyojumlisha niliona nauza kitu kimoja ili kununua kingine, na sikuwa na uhakika nani ananipunja.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote, pamoja na kopo. Miaka yote ile sikuwa nimemwambia. Akaenda kuchukua ile karatasi ya mfuko wa saruji iliyobaki.

"Andika kubwa," akasema. "Ukiandika ndogo watasogea karibu kusoma, itakuwa vibaya zaidi."

Tangazo la pili lilikuwa kama la kwanza, ila nilifuta "sikuiba". Mahali pake niliandika: "Nilipokuwa dukani niliwahi kuweka spea za zamani zilizonolewa mahali pa mpya, nami nilijua. Cherehani yenye mistari miwili ndani ya kibamba cha upande wa sindano ni kazi yangu. Fungua mwenyewe uangalie. Kama spea ni ya zamani, nitaweka mpya kwa gharama yangu."

Asubuhi nililibandika, uji ukiwa bado moto, sikungoja kusikia mtu akilisoma. Nilikwenda moja kwa moja dukani, kwa sababu kile chuma cha mwenyekiti kilikuwa hakipatikani kwingine ila kwa tajiri wangu.

Safari hii nilisimama mbele, upande wa wateja. Nilitaja spea ninayoitaka. Akaitoa kwenye droo, imefungwa kwa karatasi ya mafuta, akataja bei. Nilifungua karatasi, nikaipeleka ncha kwenye mwanga, nikaipitisha kwenye ukucha.

"Huniamini?"

"Naangalia tu, tajiri. Mara mbili."

Nikaomba apunguze. Akakataa. Nikalipa yote, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu kununua kitu kwa bei ya kwanza.

Alikuwa ameshapata habari. Sokoni maneno hufika kabla ya miguu. Alikunja ile karatasi ya mafuta iliyobaki mezani, akaikunja tena.

"Umeandika 'nilijua'," akasema taratibu. "Hukuandika 'niliagizwa'."

"Langu ndilo nililoandika. Lako liko kwako, tajiri."

Mteja mwingine akaingia, na yeye akawa tajiri tena. Kufikia jioni nilisikia kijana wa baiskeli amehamishiwa kwenye benchi langu. Ni mimi niliyelifunga.

Siku mbili hakuja mtu mlangoni kwangu. Siku ya tatu wakaja, na niliogopa kuona walivyokuwa wanakuja: wameshika vibamba mkononi, vyerehani wameviacha nyumbani, kila mmoja amefungua mwenyewe kama nilivyoandika. Vyenye mistari vilikuwa vingi. Vyerehani vyenye spea ya tupa ndani, nilipoenda kuviangalia kimoja kimoja, vilikuwa vinne. Vinne, pamoja na cha Mikumi vitano. Nilikuwa nimejiogopa kuwa mwizi mkubwa kuliko nilivyokuwa, na hilo nalo nililihesabu mara mbili. Spea hizo zilimeza pesa ya miezi ya mwanzo. Mwenyekiti alipata chake kabla shule hazijafunguliwa, na kila mwisho wa mwezi nilipanda treni ya Mikumi na chupa ya mafuta membamba, maana ya nazi walikuwa wameapa hawatarudia, na walikuwa wanarudia.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni mshonaji wa suruali. Alikuja jioni moja, siku za mwisho za mwezi ule, cherehani kichwani, penseli sikioni. Akaishusha. Akasimama pembeni yake kama anayemsindikiza mgonjwa.

"Nimesoma ukutani," akasema.

"Vizuri."

"Ile mikwaruzo mitatu. Niliichora mimi."

"Najua."

"Kwa msumari."

"Najua, ndugu. Nne."

Akaketi kwenye ngazi, akatoa pesa, akazishika bila kunipa. "Sasa nami nimesema ukweli. Si angalau tatu na nusu?"

Nilivuta kigoda karibu, nikafungua kibamba cha pembeni, nikaanza kuhesabu skrubu. Nyuma yangu alikuwa ameshafika tatu na senti sabini na tano, na anapanda.